Dakika Mbili kwa Kila Alama

Karatasi ya Kwanza ya Historia katika Diploma ya IB, kwa muundo unaotumika tangu 2017, ina alama 24 na hufanywa kwa saa moja. Mtahiniwa hupewa kijitabu chenye vyanzo vinne, kwa kawaida vitatu vya maandishi na kimoja cha picha, kibonzo, ramani au jedwali. Maswali ni manne. La kwanza lina sehemu mbili: ya alama 3 inayouliza chanzo kimoja kinasema nini, na ya alama 2 inayouliza ujumbe wa chanzo kingine, mara nyingi cha picha. La pili, la alama 4, linataka thamani na mapungufu ya chanzo kimoja. La tatu, la alama 6, linataka ulinganishe na kutofautisha vyanzo viwili. La nne lina alama 9, na hapo unajenga hoja kwa kutumia vyanzo vyote pamoja na unayoyajua mwenyewe. Kabla ya saa kuanza kuhesabiwa kuna dakika tano za kusoma bila kugusa kalamu.

Wanafunzi wengi wa Upanga na katikati ya Dar es Salaam ninaowaona wakijiandaa kwa karatasi hii wanajua historia ya kutosha. Wanachopoteza ni swali la nne. Wanalifikia zikiwa zimebaki dakika kumi au chini, wanaandika aya moja na nusu, kisha msimamizi anatangaza mwisho. Alama tisa kati ya ishirini na nne ni zaidi ya theluthi ya karatasi nzima, na ndizo zinazoachwa hewani. Mwongozo huu ni wa kuzuia jambo hilo.

Hesabu ambayo kila mtu huanza nayo ni kugawa 60 kwa 24, akapata dakika mbili na nusu kwa kila alama. Ni hesabu sahihi, lakini usiifuate hivyo ilivyo. Imechukulia kwamba saa yote ni ya kuandika, kana kwamba vyanzo vinajisoma na swali la nne linajipanga lenyewe. Anayeifuata hujikuta anasoma chanzo kwa mara ya kwanza ndani ya muda wa kujibu, na kila swali linamla dakika mbili tatu za ziada bila yeye kujua zimekwenda wapi.

Chukua dakika mbili kwa kila alama. Mara 24, unapata dakika 48 za kuandika. Zilizobaki ni 12, na hizo ndizo za kazi isiyo na alama yake mwenyewe lakini inayobeba alama zote. Tano utazitumia mwanzoni kusoma vyanzo tena, safari hii ukiwa na kalamu mkononi. Tano nyingine utazitumia kulipanga swali la nne kabla ya kuliandika. Mbili za mwisho ni akiba.

Sasa zigeuze dakika ziwe saa za ukutani, kwa sababu ndani ya chumba cha mtihani hakuna mtu anayeweza kukumbuka ametumia dakika ngapi, ila kila mtu anaweza kuona mshale ulipo. Tuseme unaingia saa 3:00 asubuhi. Hadi 3:05 unasoma tu. Kuanzia 3:05 hadi 3:10 unasoma na kuweka alama pembeni. Swali la kwanza, lenye alama 5 kwa jumla, liishe 3:20. La pili liishe 3:28. La tatu liishe 3:40. Kupanga la nne kuishe 3:45. Kuliandika kuishe 4:03. Karatasi inakusanywa 4:05. Ukipewa ruhusa ya kuanza kuandika, nakili kwanza nyakati hizo tano, 3:20, 3:28, 3:40, 3:45 na 4:03, juu ya karatasi ya rasimu. Ni kazi ya sekunde kumi. Mtihani ukichelewa kuanza kwa dakika saba, ongeza saba kwenye kila wakati, usijaribu kuzibeba kichwani.

Ili tuone jinsi dakika hizo zinavyotumika, tufanye zoezi la karatasi nzima kwa mada iliyo mlangoni petu. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, na eneo ambalo leo ni Kariakoo likawa kambi ya kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi. Jina la eneo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho. Mada hii haimo kati ya zile tano zinazotahiniwa. Kwa mazoezi hilo halidhuru, maana ujuzi unaopimwa ni uleule utakaoutumia kwa vyanzo vya Rwanda ya 1990 hadi 1998, ambayo ni sehemu ya mojawapo ya mada hizo. Chanzo A kiwe picha ya Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa 1927 pale Samora inapokutana na Azikiwe. Chanzo B kiwe kipande cha ripoti ya Oscar Watkins, Mwingereza aliyeongoza idara ya kazi za kijeshi iliyowasimamia wapagazi, aliyoiandika kuhusu miaka ya 1914 hadi 1919. Chanzo C kiwe kipande cha kitabu cha mwanahistoria Geoffrey Hodges kuhusu wapagazi hao, kilichotoka 1986. Chanzo D kiwe kipande cha kumbukumbu za Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, zilizochapishwa 1920.

Katika dakika tano za kwanza, zile zisizo na kalamu, usianze na vyanzo. Anza na maswali. Ukishajua kwamba Chanzo B kitaulizwa thamani na mapungufu, utaisoma mistari midogo iliyo juu yake inayosema nani aliandika, lini na kwa ajili ya nani. Watahiniwa wengi huruka mistari hiyo, na nusu ya jibu la swali la pili imo humo. Ukishajua kwamba A na B zitalinganishwa, utazisoma kwa kufuatana, si kwa mpangilio wa kijitabu. Kisha, kalamu ikiruhusiwa, weka pembeni mwa kila chanzo herufi moja au mbili tu: K kwa kinachokubaliana na kauli ya swali la nne, P kwa kinachopinga. Rasimu andika kwa lugha inayokujia haraka zaidi. Kama unafikiri kwa Kiswahili, panga kwa Kiswahili, kisha ujibu kwa lugha ya mtihani.

Swali la kwanza ndilo linaloiba muda kwa utamu wake. Tuseme sehemu ya kwanza inauliza: kwa mujibu wa Chanzo B, ni mambo gani yaliyodhoofisha afya ya wapagazi? Alama 3, kwa hiyo mambo matatu, kila moja kwa sentensi moja au mbili: chakula wasichokizoea na kisichopikwa kikaiva, maradhi kama kuhara damu na malaria, ukosefu wa nguo na makazi ya kufaa. Ukimaliza la tatu, weka nukta. La nne halina alama ya kulipokea hata kama ni zuri kuliko yote. Naruhusu jambo moja la ziada kama huna uhakika na mojawapo ya yale matatu, na si zaidi. Wala usieleze hapo kwamba Waingereza walikuja lini. Swali limesema kwa mujibu wa chanzo, na chochote kutoka nje ya chanzo ni wino uliopotea.

Sehemu ya pili, ujumbe wa picha, inataka mambo mawili, kila moja likiwa limeshikwa na kitu kinachoonekana. Askari yuko mbioni, bunduki yenye singe mbele yake: ujumbe ni ushujaa wa mpiganaji. Maandishi ya chini yanawataja pia wapagazi: ujumbe ni kwamba utawala ulitaka kuonekana unawashukuru wote waliotumika. Sentensi nne, umemaliza. Kama ulipanga dakika kumi kwa swali hili na umetumia saba, tatu ulizookoa usizirudishe kwenye jibu hilohilo kwa kulipamba. Zipeleke moja kwa moja swali la nne.

Swali la pili lina alama 4 na dakika 8, na ndipo ninapowaona wanafunzi hodari wakizama kuliko wanafunzi wa kawaida, kwa kuwa wana mengi ya kusema. Wanaandika maisha ya Watkins, wanaandika historia ya vita, wanaandika utangulizi na hitimisho. Kinachotakiwa ni asili ya chanzo, kusudi lake na maudhui yake, na kila kimoja kifungwe kwenye thamani au upungufu. Jibu lote linaweza kukaa katika aya mbili fupi. Thamani: mwandishi aliiongoza idara yenyewe, kwa hiyo aliziona takwimu za uandikishaji na posho za chakula kutoka ndani; na aliandika vita vikiwa vimekwisha, akiweza kuangalia kipindi chote. Mapungufu: anatoa hesabu ya idara yake mwenyewe mbele ya serikali, jambo linaloweza kumfanya ajitetee au awatetee wa idara yake, na sauti za wapagazi wenyewe hazimo, sawa na habari za wale waliowabebea Wajerumani. Hapo pana pande zote mbili na vipengele vyote vitatu. Alama yangu ya hatari kwa swali hili ni rahisi: ukiona umegeuza ukurasa, umeshachelewa.

Tahadhari moja inaokoa dakika hapa. Usiandike kwamba chanzo kina upendeleo halafu ukaishia hapo. Sentensi hiyo haipati kitu mpaka useme upendeleo wa nani, kwa sababu gani, na unamzuia mwanahistoria kujua nini. Wanaoiandika huhisi wenyewe kwamba haitoshi, wakairudia kwa maneno mengine mara tatu. Dakika nne zimekwenda.

Swali la tatu lina dakika 12. Kosa linalokula muda ni kueleza Chanzo A chote, kisha Chanzo B chote, kisha kutafuta uhusiano mwishoni. Umeandika mara mbili na hujalinganisha bado. Andika aya ya yanayofanana na aya ya yanayotofautiana, na katika kila sentensi vyanzo vyote viwili viwepo. Sanamu na ripoti vyote vinakiri kwamba vita hivi visingepiganwa bila kazi ya Waafrika. Vyote viwili vinawataja wapagazi pamoja na askari. Lakini sanamu inaweka mbele mpiganaji na silaha yake, ilhali ripoti inaweka mbele mzigo, chakula na ugonjwa. Sanamu inazungumzia heshima kwa jumla, ilhali ripoti inahesabu watu. Mawili na mawili namna hiyo, yakifafanuliwa vizuri, yanakupandisha juu. Linganisha vinavyosema, usilinganishe waliovitengeneza. Kwamba kimoja ni cha 1919 na kingine ni cha 1927 ni jambo la swali la pili.

Na sasa saa 3:40 imefika, na aya yako ya tofauti imebaki sentensi mbili. Unafanya nini? Unaacha. Acha mistari mitano mitupu, uende swali la nne. Sababu ni hii: alama za mwanzo za swali lolote hupatikana kwa urahisi, na za mwisho huuzwa ghali. Jibu la swali la tatu lenye mfanano na tofauti zilizo wazi huenda tayari lina alama 4. Ili lifike 6 utahitaji labda dakika sita za kufikiri na kuandika. Dakika sita hizohizo katika swali la nne ndizo zinazotenganisha jibu lililokatika njiani, lenye alama 3, na jibu lenye hoja kamili, lenye 6. Umepata tatu kwa bei ya mbili, na kama utafika 4:03 umemaliza, ile mistari mitano bado inakungoja.

Kwa sababu hiyohiyo kuna wanaoshauri kuanza na swali la nne. Mimi sikubaliani nao kwa karatasi hii. Maswali matatu ya kwanza yanakulazimisha uvipitie vyanzo vingi kwa makini, na ukifika la nne huhitaji kuvisoma upya. Umeshajua B inasema nini na A imeficha nini. Anayeanza na la nne huisoma karatasi mara mbili.

Dakika tano za kupanga, 3:40 hadi 3:45, ndizo watu wanazozionea huruma zaidi. Tuseme swali linasema: kwa kutumia vyanzo na maarifa yako, jadili kauli kwamba maradhi, kuliko mapigano, ndiyo yaliyoamua hatima ya wapagazi. Chora mstari katikati ya karatasi ya rasimu. Upande wa kushoto andika B na C, ambazo zinaonyesha vifo vya magonjwa kuzidi vya risasi. Upande wa kulia andika sababu zinazoikamilisha au kuipinga kauli: D inaonyesha vita vya kuhamahama, jeshi dogo likiwavuta adui umbali mrefu, na umbali huo ulizidisha mzigo, A inakumbusha kwamba baadhi walikuwa karibu na mapigano. Chini yake andika maarifa yako matatu yasiyomo kwenye vyanzo: mbung'o waliua wanyama wa mizigo, ndiyo maana vichwa vya watu vikabeba, mwaka 1917 Waingereza walizidisha sana uandikishaji wa lazima katika himaya yao ya Afrika Mashariki, Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, kwa hiyo miaka minne ya mwendo. Kisha andika jibu lako kwa maneno yasiyozidi kumi: maradhi yaliua, lakini sera ya kuwatumia watu ndiyo iliyoyaita.

Ukiwa na mpango huo, dakika 18 zinatosha aya tatu na sentensi mbili za kuhitimisha. Vyanzo vitajwe kwa herufi zao ndani ya hoja, na kila aya iwe na angalau jambo moja ulilolileta mwenyewe. Jibu linalopita chanzo kimoja kimoja, A inasema hivi, B inasema vile, halifiki juu hata likiwa refu. Vivyo hivyo insha nzuri ya kukariri isiyogusa vyanzo. Ukifika 4:00 na aya ya tatu haijaanza, usiianze kwa utulivu. Ruka, andika hitimisho linalojibu swali, kisha jaza hoja ya tatu kwa sentensi mbili kama muda upo.

Msomaji wa Kidato cha Nne ataniuliza yeye afanyeje. Karatasi ya saa tatu yenye alama 100 ina dakika 180. Tenga 30 za kusoma, kupanga na kupitia, zinabaki 150, yaani dakika moja na nusu kwa alama. Insha ya alama 15 inapata takriban dakika 22 za kuandika, swali la alama 9 kama dakika 13. Maswali ya kuchagua hayahitaji kiasi hicho, na ziada yake iende kwenye insha. Kwa Jiografia angalia swali la ramani: kuhesabu miraba ili kupata eneo la ziwa au msitu kunaweza kumeza dakika kumi kwa alama chache. Soma alama zilizo kwenye mabano kabla ya kuhesabu mraba wa kwanza. Zikiwa chache, andika kanuni, hesabu mara moja tu, usirudie kwa kuhakikisha.

Ratiba hii haifanyi kazi mpaka uijaribu kwa mkono wako. Usiijaribu nyumbani kama dirisha lako linatazama Msimbazi au Mtaa wa Kongo, si kwa sababu ya kelele peke yake, bali kwa sababu kila anayeingia atakukatiza na saa yako itakuwa ya uongo. Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kariakoo. Nenda na karatasi iliyochapwa, kijitabu cha majibu na saa ya mshale isiyohusiana na simu. Mara ya kwanza usijilazimishe kufuata nyakati. Andika tu pembeni mwa kila jibu ulianza saa ngapi na ulimaliza saa ngapi. Utaona mahali dakika zako zinapovuja, na kwa wengi itakuwa swali la pili. Mara ya pili fanya swali hilo peke yake, kwa vyanzo vitatu tofauti, dakika 8 kila kimoja, kalamu chini muda ukiisha hata kama sentensi haijakamilika. Ndipo ufanye karatasi nzima kwa ratiba.

Baada ya kila zoezi, kabla hujampa mwalimu asahihishe, hesabu mistari uliyoandika kwa kila swali na uigawe kwa alama zake. Kama swali la pili lina mistari saba kwa kila alama na la nne lina mitatu, bado unaandika karatasi ya alama 4.